Mizani Imerekebishwa, Historia Imepotea: Kutofautisha Ugezi, Uhakiki na Marekebisho

Mizani nyingi za kielektroniki za maabara zina kitufe kilichoandikwa CAL. Mtumiaji akikibonyeza, mizani huteremsha jiwe lililofichwa ndani yake, au huomba jiwe la gramu 200 liwekwe juu ya sahani, kisha hunyamaza kidogo na kurudi kwenye sifuri. Mtumiaji huandika daftarini kwamba mizani imefanyiwa kalibresheni. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu alichokifanya si kalibresheni. Amefanya marekebisho, yaani amebadilisha namba iliyo ndani ya mizani inayogeuza uzito kuwa gramu. Namba ya zamani imefutwa, na pamoja nayo umefutwa ushahidi wa jinsi mizani ilivyokuwa dakika moja kabla.

Mwongozo huu unahusu mizani ya maabara yenye uwezo wa gramu 220 na inayosoma hadi miligramu 0.1. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ninayoishughulikia zaidi, na kwa sababu ndani yake kazi hizo tatu huchanganywa kuliko kwenye kifaa kingine chochote ninachokijua.

Kazi tatu, maswali matatu

Ugezi, ambao mafundi wengi huuita kalibresheni, ni kulinganisha usomaji wa kifaa na kipimo cha rejea chenye thamani inayojulikana, kisha kuandika tofauti iliyopatikana pamoja na kiwango cha mashaka ya upimaji huo. Swali lake ni: kifaa kinakosea kwa kiasi gani? Jiwe lenye thamani ya gramu 200.0003 likisomeka 200.0015, kosa ni miligramu +1.2, na ugezi wa hatua hiyo umekwisha. Hakuna kilichoguswa.

Uhakiki huchukua kosa hilo na kulilinganisha na ukomo uliowekwa. Swali lake ni: kifaa kinafaa kwa kazi hii au hakifai? Ikiwa maabara imejiwekea ukomo wa miligramu 2.0 juu au chini kwenye gramu 200, mizani yenye kosa la +1.2 imefaulu. Ofisa wa Wakala wa Vipimo anapopima mizani ya mchuuzi sokoni na kuibandika stika, anafanya uhakiki wa kisheria: stika inasema mizani iko ndani ya ukomo, lakini haimwambii mchuuzi inakosea kwa gramu ngapi.

Marekebisho ni kukigusa kifaa ili usomaji wake usogee karibu na thamani sahihi. Kamusi ya kimataifa ya istilahi za vipimo, inayojulikana kwa kifupi VIM, inaonya waziwazi kwamba ugezi usichanganywe na marekebisho, na inaongeza kwamba kifaa kilichorekebishwa kwa kawaida kinapaswa kufanyiwa ugezi upya. Kwa hiyo kazi inayoitwa kwa mazoea “kalibresheni ya mwaka” mara nyingi ni kazi tatu zilizofuatana: ugezi wa kwanza, marekebisho, na ugezi wa pili. Usomaji wa ugezi wa kwanza nitauita hali ya kukutwa, na ule wa pili nitauita hali ya kuachwa. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyomo humu hutokea pale hali ya kukutwa isipoandikwa.

Dalili ya kwanza: vyeti vya miaka yote vinaonyesha kosa karibu na sifuri

Dalili hii haimsumbui mtu, na ndiyo maana ni ya hatari. Maabara moja niliyoihudumia ilikuwa na mizani isiyo na jiwe la ndani. Watumiaji hawakuruhusiwa kuirekebisha. Fundi wa nje alikuja mara moja kwa mwaka. Vyeti vitatu mfululizo vilionyesha kosa la miligramu 0.0, kisha +0.1, kisha −0.1 kwenye gramu 200. Mkuu wa maabara aliviweka mezani na kuuliza swali la haki kabisa: mizani isiyosogea kwa miaka mitatu ina haja gani ya kupimwa kila mwaka? Alitaka muda baina ya ugezi na ugezi uongezwe kutoka miezi 12 hadi miezi 24.

Kabla ya kumjibu niliomba mizani isiguswe, nikapima hali ya kukutwa. Kosa lilikuwa +1.6. Ukomo wao ulikuwa 2.0.

Mizani iliyoachwa kwenye −0.1 na kukutwa kwenye +1.6 haijasimama tuli. Nilimtafuta fundi aliyenitangulia, naye bahati nzuri alikuwa mtu wa daftari. Kila mwaka alikuwa ameandika usomaji wa kwanza kwa penseli, akarekebisha, akapima tena, na ofisi yake ikachapa kwenye cheti usomaji wa pili peke yake. Tulipoziunganisha namba zake na zangu, tulipata hesabu hii kwa miligramu:

```
Mwaka   Kukutwa   Kuachwa   Mhamo tangu mwaka uliopita
1         --        0.0        --
2        +1.4      +0.1       +1.4
3        +1.5      -0.1       +1.4
4        +1.6       ?         +1.7
```

Mhamo, yaani jinsi usomaji unavyosogea polepole kadiri muda unavyopita, hupatikana kwa kutoa hali ya kuachwa ya mara iliyopita kutoka kwenye hali ya kukutwa ya sasa. Ni kosa kuutafuta kwa kulinganisha hali za kuachwa za miaka miwili, kwa sababu namba hizo mbili zinaeleza ustadi wa fundi wa kusogeza mizani hadi sifuri, haziielezi mizani. Katika miaka mitatu mizani hii ilikuwa imehama jumla ya miligramu 4.5, wastani wa 1.5 kwa mwaka, siku zote ikielekea upande uleule. Kama muda ungeongezwa kuwa miezi 24, ingefika takriban +3.0 kabla ya kuonwa tena, na kwa miezi kadhaa ingekuwa inatoa majibu nje ya ukomo wakati cheti kilichoko ukutani kinasema −0.1.

Chanzo cha dalili hii, basi, si kwamba fundi alirekebisha. Kwa kosa la 1.4 kati ya 2.0, na kwa mhamo ulioelekea upande mmoja, hata mimi ningerekebisha. Chanzo ni kwamba cheti kilibeba hali ya kuachwa peke yake. Kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji na ugezi, ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, kinataka cheti cha ugezi kionyeshe matokeo ya kabla na ya baada ya marekebisho pale yanapopatikana, na maneno hayo ya mwisho ndiyo upenyo: asiyepima kabla ya kugusa anaweza kudai kwamba matokeo hayo hayakupatikana. Kwa hiyo mteja aandike katika oda yenyewe kwamba hali ya kukutwa ipimwe na ichapwe. Kiwango hichohicho hakimruhusu mtoa cheti kupendekeza muda wa ugezi unaofuata bila makubaliano na mteja, maana yake ni kwamba uamuzi wa miezi 12 au 24 ni wa mwenye mizani, na hana pa kuutoa isipokuwa kwenye historia ya mhamo.

Upo uzito mwingine wa hali ya kukutwa. Ikikutwa nje ya ukomo, maabara inawajibika kurudi nyuma na kuangalia kazi zilizopimwa tangu ugezi uliopita. Mizani iliyorekebishwa kabla ya kupimwa haiachi njia ya kujua kama kazi hiyo inahitajika.

Dalili ya pili: grafu ilikuwa inapanda polepole, kisha ikaruka siku moja

Maabara zilizo makini hupima jiwe moja la uhakiki kila asubuhi na kuchora kosa lake kwenye grafu. Mstari unaopanda kwa sehemu ndogo za miligramu kila mwezi, kisha ukashuka ghafla hadi sifuri, karibu kila mara unamaanisha kwamba mtu amebonyeza CAL bila kuandika. Thibitisha kwa kufungua menyu ya mizani, kwa kuwa nyingi hutunza orodha ya marekebisho yenye tarehe, saa, na wakati mwingine tofauti iliyoondolewa. Angalia vizuri alama ya kujumlisha na kutoa katika orodha hiyo. Baadhi ya mizani huandika kosa lililokuwepo, nyingine huandika sahihisho lililoongezwa, na alama zake ni kinyume.

Mruko ukienda mbali na sifuri, chanzo ni kingine. Anza na vitu vya kawaida kabla ya kufikiria kifaa kibovu: kipovu cha usawa kiko katikati? Mizani imewashwa kwa muda wa kutosha, walau saa moja, na ikiwezekana tangu jana? Jiwe limekaa ndani ya chumba hichohicho kwa saa kadhaa? Jiwe lenye joto kuliko hewa iliyolizunguka husababisha mkondo mdogo wa hewa unaopanda, nalo husomeka jepesi kuliko lilivyo. Joto la chumba nalo lina kiasi chake. Mizani ya aina hii hubadilika kwa takriban sehemu moja au mbili kwa milioni kwa kila nyuzijoto, na sehemu 1.5 kwa milioni ya gramu 200 ni miligramu 0.3. Kiyoyozi kilichokufa usiku na kuacha chumba kikipanda nyuzijoto 4 kinaweza peke yake kuleta miligramu 1.2. Anayerekebisha mizani katika hali hiyo anaihifadhi hitilafu ya kiyoyozi ndani ya mizani, na kiyoyozi kikitengenezwa kosa litageuka upande.

Mruko ukiwa mkubwa kupita kiasi, wa makumi ya miligramu, uliza kwanza kama mizani imehamishwa. Mizani hii hupima nguvu ya mvutano wa dunia, na mvutano hupungua kadiri unavyopanda juu. Mizani iliyorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikipelekwa Arusha, mita kama 1,400 juu, itasoma jiwe la gramu 200 pungufu kwa miligramu 60 au zaidi. Hapa marekebisho ni ya lazima na hakuna wa kulaumiwa. Lakini hali ya kukutwa inayofaa kwa historia ni ile iliyopimwa Dar es Salaam siku ya kufunga sanduku. Ile ya Arusha kabla ya kurekebisha imebeba mlima ndani yake, na kuiingiza kwenye grafu ya mhamo ni kujidanganya.

Dalili ya tatu: uhakiki wa asubuhi hufaulu kila siku, lakini fundi wa nje anakuta kosa

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, dalili hii ilinipotezea siku nzima. Daftari la maabara lilionyesha 200.0000 kila asubuhi kwa miezi minne. Mawe yangu ya rejea yalionyesha kosa la +2.5. Nilianza kuyashuku mawe yangu.

Jibu lilikuwa ndani ya kisanduku cha mbao kilichokaa pembeni ya mizani. Jiwe lililotumika kwa uhakiki wa asubuhi ndilo hilohilo lililotumika kurekebishia, na jiwe hilo lilikuwa limewahi kudondoka sakafuni na kumeguka ukingoni. Thamani yake halisi sasa ilikuwa gramu 199.9975. Mizani iliambiwa kwamba hiyo ni 200.0000, ikaamini, na tangu siku hiyo ikasoma kila kitu kizito kuliko kilivyo. Jiwe lilipowekwa tena asubuhi, bila shaka lilisomeka 200.0000. Ni sawa na kumuuliza shahidi kama shahidi huyohuyo ni mkweli.

Namna ya kuitambua hali hii ni kutumia mawe mengine yenye vyeti, ya uzito tofauti. Katika kisa hiki, jiwe la gramu 50 lilionyesha kosa la +0.6, la gramu 100 likaonyesha +1.2, na la gramu 200 likaonyesha +2.5. Kosa linalokua sawia na uzito maana yake ni kwamba kizidishio cha mizani, ile namba inayogeuza uzito kuwa gramu, ndicho kilichopotoshwa, na marekebisho kwa jiwe sahihi yataliondoa. Kosa likiwa kubwa katikati na dogo mwishoni, au likibadilika unaposogeza jiwe kutoka katikati ya sahani kwenda pembeni, kitufe cha CAL hakitasaidia, kwa sababu kitufe hicho husahihisha kizidishio tu. Kubonyeza tena na tena kutaficha ugonjwa na kufuta kumbukumbu zake.

Dawa ya kudumu ni kutenganisha mawe: moja la kurekebishia, na jingine la kuhakikia, ambalo halitumiki kurekebishia hata siku moja. Kanuni hiyo inahusu pia mizani yenye jiwe la ndani. Jiwe la ndani nalo huweza kushika vumbi au kuchakaa, na grafu ya uhakiki iliyopimwa kwa jiwe la nje, baada ya mizani kujirekebisha, inaonyesha kwa sehemu kubwa mhamo wa jiwe hilo la ndani. Hiyo si hasara. Ni taarifa yenye thamani, ilimradi anayesoma grafu ajue anasoma historia ya nini.

Dalili ya nne: mizani inarekebishwa kila asubuhi na bado inayumba

Baadhi ya watumiaji, kwa nia njema, hurekebisha kwa mkono kila wakionapo tofauti yoyote, hata ya miligramu 0.2. Baada ya muda hulalamika kwamba mizani haitulii. Wanasema kweli, ila wao ndio wanaoitikisa.

Chukua mizani ambayo haihami kabisa, lakini usomaji wake mmojammoja hutawanyika kwa miligramu 0.2. Jana jiwe lilisomeka +0.2 kwa bahati tu. Mtumiaji akaisogeza mizani kwa −0.2. Leo usomaji una mtawanyiko wake wa kawaida na juu yake umebeba mtawanyiko wa jana uliogeuzwa. Hesabu yake inajulikana: kurekebisha kila mara kwa kiasi chote cha kosa lililoonekana huzidisha mtawanyiko kwa mara 1.4, hivyo 0.2 inakuwa karibu 0.3. Mbaya zaidi, grafu iliyojaa marekebisho madogo haiwezi tena kuonyesha mhamo wa kweli wa miligramu 0.1 kwa mwezi, kwa sababu kila unapojikusanya unafagiliwa.

Kwa uhakiki wa asubuhi wa mizani hii, yenye ukomo wa 2.0, mimi huweka mstari wa kuangalia kwenye 1.0 na mstari wa kuchukua hatua kwenye 1.5. Chini ya 1.0 mtu anaandika na kuendelea na kazi. Kati ya 1.0 na 1.5 anapima tena mara tano, baada ya kukagua usawa, joto na usafi wa sahani, na anatumia wastani. Kupita 1.5 kwa wastani huo, na chanzo cha nje kikiwa hakipo, ndipo marekebisho yanaporuhusiwa. Namba hizi ni uamuzi wangu. Mwenye ukomo mwembamba zaidi atachagua nyingine. Marekebisho ya kiotomatiki ya mizani yenye jiwe la ndani, yanayoanzishwa na mabadiliko ya joto, siyakatazi, kwa kuwa yanaondoa athari ya joto ambayo hakuna anayehitaji kuitunza, ila orodha yake ya kumbukumbu iwashwe na ichapwe kabla haijajaa.

Kuiunganisha historia iliyokatika

Marekebisho yaliyoandikwa vizuri hayavunji historia. Kila mhamo wa kipindi kimoja, yaani kukutwa kwa sasa kutoa kuachwa kwa mara iliyopita, hujumlishwa na uliotangulia, na grafu ya jumla hiyo huonyesha jinsi mizani ingekuwa kama isingeguswa kabisa. Katika kisa cha kwanza grafu hiyo ilipita 0.0, +1.4, +2.8 na +4.5. Kwa hiyo andiko la chini kabisa la kila marekebisho ni tarehe na saa, jiwe lililotumika na thamani yake ya cheti, joto la chumba, wastani wa hali ya kukutwa, wastani wa hali ya kuachwa, na sababu.

Pale ambapo hali ya kukutwa haikuandikwa, tafuta kwanza orodha iliyomo ndani ya mizani, kisha daftari la fundi, kisha karatasi za uhakiki wa asubuhi za wiki ya kabla na wiki ya baada; tofauti ya wastani wa wiki hizo mbili hukaribia ukubwa wa marekebisho, ikiwa jiwe la kuhakikia halikubadilishwa. Vyote vikikosekana, chora mstari wa wima kwenye grafu katika tarehe hiyo, na usiunganishe alama za upande wa kushoto na za kulia. Mfululizo mpya unaanza na hali ya kuachwa kama sifuri yake, na muda wa ugezi unarudi kuwa mfupi hadi alama tatu au nne mpya zipatikane.

Yule mkuu wa maabara alibaki na miezi 12. Mizani yake niliirekebisha siku hiyo, ikaachwa kwenye +0.1, na alama ya kuuliza iliyokuwa kwenye mstari wa mwaka wa nne nikaijaza kwa kalamu ya wino.